Magunia 300 mara ya kwanza: asante leo, bonasi kesho

"Nina kiwanda kidogo cha chakula cha kuku hapa Nakuru. Juzi mwenye agroveti mmoja wa Kisumu ameniagiza magunia 300 ya chakula cha kuku wa mayai, oda yake ya kwanza, na amelipa yote. Sijawahi kumuuzia mtu mmoja zaidi ya 40. Nataka kumwandikia barua ya shukrani na nimwekee mpango wa kumfanya arudi. Nimpe punguzo la asilimia 5 kuanzia sasa? Dada yangu anasema nishukuru tu ninyamaze."

Dada yako ana hoja, ingawa nafikiri anaitumia vibaya. Tuanze na magunia yenyewe.

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 humaliza gunia la kilo 70 kwa siku 6 hivi, yaani magunia 5 kwa mwezi. Kwa hiyo magunia 300 yataisha kwa mwezi mmoja ikiwa duka hilo lina wateja 60, kila mmoja na kuku 100, na wote wanunue kwake tu, tena chakula chako tu. Huenda anao. Kama ana 30, mzigo huo ni wa miezi miwili. Kama ana 15, ni wa miezi minne, na hapo kuna matatizo ambayo barua nzuri haiwezi kuyatatua.

Mtu hununua mzigo mkubwa hivyo mara ya kwanza kwa sababu nyingi. Pengine anayemletea siku zote ameishiwa. Pengine kuna mradi wa vifaranga umepita kwao na kila nyumba sasa ina banda. Pengine amenusa kwamba mahindi yatapanda bei akaamua kujaza stoo mapema. Katika hizo tatu, ni ule mradi tu unaoahidi oda ya pili ya ukubwa wowote. Hapo ndipo dada yako yuko sahihi: anayekushangaza mara moja hajawa mteja wako bado, na ukimpa punguzo la kudumu umelipia uaminifu ambao hujauona.

Sasa hesabu ya hilo punguzo. Hukutaja bei zako, kwa hiyo natumia za mfano. Weka zako mahali pake. Tuseme unamuuzia kwa shilingi 3,300, na gunia limekugharimu 3,010 ukihesabu mahindi, pumba, soya, omena, chokaa, mfuko, umeme na vijana wa kupakia. Faida ni 290. Asilimia 5 ya 3,300 ni 165. Ukiitoa unabaki na 125 kwa gunia. Masikioni mwa mteja asilimia 5 ni kitu kidogo, lakini kwako imekula zaidi ya nusu ya faida. Magunia 300 yaliyokuletea 87,000 sasa yatakuletea 37,500, na ili uirudishe ile 87,000 itabidi uuze magunia 696. Mashine yako inaweza? Na kama inaweza, mahindi ya kuilisha utayatoa wapi mwezi wa sita, wakati ya Trans Nzoia bado yako shambani na kila msagaji anagombania yaliyobaki stoo?

Upande wa pili lazima usikilizwe pia. Ukinyamaza kabisa, mwenye duka hana sababu ya kukukumbuka. Kisumu inapelekewa chakula cha kuku na viwanda vikubwa kuliko chako, vyenye mawakala wanaopita dukani kila wiki wakiwa na kofia na kalenda. Wewe uko mbali, ng'ambo ya Kericho, na huna wakala. Kitu pekee ulicho nacho ni kwamba mwenye duka ameshatoa pesa zake mara moja na bado ana hamu ya kujua wewe ni mtu wa namna gani. Hamu hiyo haidumu. Anayengoja "tuone kama atarudi" mara nyingi huona kwamba hakurudi.

Kwa hiyo mpango uwepo, ila usiwe wa punguzo, na usiwe wa wingi. La pili nimelilipia mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwekea mteja mmoja wa upande wa Kericho mpango uliokuwa wa kawaida kabisa: akifikisha magunia 400 kwa robo mwaka, namrudishia fedha kiasi kwa kila gunia. Kufikia wiki ya mwisho alikuwa na 270. Akaagiza 130 kwa mpigo, akapata zake, tukafurahi sote. Ilikuwa mwisho wa Machi, mvua zikaanza. Katikati ya Mei alinipigia kwamba kuku wa wateja wake wamepunguza mayai. Nilienda. Magunia yalikuwa yameegemezwa ukutani, ya chini yamekaa juu ya saruji bila mbao. Nikaingiza mkono katikati ya gunia moja: ndani kulikuwa na joto, kama unga uliotoka kusagwa dakika hiyo, na chakula kilitoka kwa mabonge yenye harufu ya stoo iliyofungwa. Ukungu. Sumu inayotokana nao huioni kwa macho, na kukianika chakula juani hakuiondoi. Nilichukua hasara ya yale magunia, na mteja nikampoteza vilevile. Angeweza kupanga stoo yake vizuri zaidi, ndiyo. Lakini nani alimfanya anunue magunia asiyoyahitaji? Mimi na mpango wangu.

Chakula kilichosagwa si misumari. Kwenye joto na unyevu wa Kisumu, mimi nisingependa gunia langu likae dukani zaidi ya miezi miwili. Ndiyo maana bonasi ya biashara hii inapaswa kulipia mwendo: mteja anayechukua 100 kila mwezi ni bora kwako, kwake na kwa kuku kuliko anayechukua 300 halafu anapotea.

Ningeupanga hivi. Kila magunia 50 anayonunua yanampa gunia moja la bonasi, mradi kila mwezi katika miezi mitatu achukue angalau 80. Yanayozidi 150 kwa mwezi anauziwa kama kawaida, ila hayahesabiwi kwenye bonasi. Hiyo dari watu wengi watakuambia ni wazimu, kwamba unamkataza mteja kununua. Humkatazi, humlipi tu kwa kujaza stoo.

Akichukua 100 kwa miezi mitatu, umeuza 300 na umetoa 6. Hayo 6 yanakugharimu 18,060, unabaki na 68,940. Linganisha na ile 37,500 ya punguzo. Na yeye anaona magunia ya thamani ya 19,800. Kuna jambo jingine ambalo halionekani haraka: bonasi ya gunia inajirekebisha yenyewe. Mavuno yakianza kuingia kuanzia Oktoba na bei ikashuka, gunia ulilotoa ni la bei nafuu kwako. Bei ikipanda, yeye anapata kitu cha thamani zaidi na uwiano wa faida yako hauvunjiki. Ungeahidi shilingi maalum, au mbaya zaidi ungemfungia bei ya mwaka mzima, mahindi yangekuja kukudai. Bei usiifunge zaidi ya siku 30.

Udhaifu upo. Wengine hawapendi kungoja miezi mitatu. Mwenye duka anayelipa kodi ya nyumba kila tarehe 5 anataka shilingi ya leo. Akikuambia hivyo, mpe kwa mwezi, gunia moja kwa 60 badala ya 50, na usibishane sana.

Je, zile 300 za kwanza zihesabiwe? Hapa nilisita. Ukizihesabu zote na kutoa bonasi papo hapo, umelipia wingi uleule ninaoulalamikia. Ukizitupa, utamwudhi, na atakuwa na haki. Mimi ningesema: oda ya kwanza imezaa magunia 6, yamewekwa kwa jina la duka, na yatapanda lori pamoja na oda ya pili ikija ndani ya siku 60. Wapo watakaoiona kama mtego, na ni mtego kidogo. Lakini asiporudi hujapoteza kitu, na akirudi umempa kitu halisi.

Na kwa kuwa tani 21 hazitasafirishwa kwa mkupuo mmoja na lori la tani 7, mwombe upeleke 100, 100, na 100 kwa wiki tofauti, kila mzigo umesagwa wiki hiyohiyo na tarehe imepigwa kwenye lebo. Ameshalipa, kwa hiyo lazima akubali mwenyewe, usimwamulie.

Barua iwe fupi, na umpigie simu kabla ya kuituma. Kitu kama hiki:

"Mama, salamu kutoka Nakuru. Asante kwa oda ya magunia 300 na kwa kulipa kabla hujatuona. Kwetu hiyo ndiyo oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na hatutajifanya ni jambo la kawaida. Tungependa kukuletea kwa awamu tatu ili kila gunia lifike likiwa jipya. Tafadhali tuambie siku zinazokufaa. Kwa oda hii duka lako lina magunia 6 ya bonasi, yatakuja pamoja na oda yako ijayo kabla ya siku 60 kuisha. Mpango wa miezi inayofuata tumeuambatisha kwenye ukurasa mmoja. Gunia lolote lenye mabonge au harufu, tupigie kabla hujaliuza. Tukikuta lilitoka kwetu hivyo tutalibadilisha."

Hilo neno la kwamba ni oda kubwa kuliko zote, wengine watakushauri ulifiche asije akadai bei. Mimi nadhani ameshajua. Aliyeuza rejareja kwa miaka mingi huona kwenye sauti yako ya simu.

Kwenye ule ukurasa, andika wazi kwamba bonasi ni ya duka na itaonekana kwenye ankara. Siku moja kijana wa stoo au meneja atakupigia pembeni akuulize "yangu je?" Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 inagusa kampuni binafsi pia, si serikali tu, na karatasi hiyo itakupa jibu la upole. Ankara ziwe za eTIMS. Mwenye duka anazihitaji kwa hesabu zake za KRA kama wewe.

Siku ya 40 mpigie. Usimuulize ataagiza lini. Muulize yamebaki mangapi, na lebo ya gunia lililo chini kabisa inasema tarehe gani. Akikuambia yamebaki 30, mwandalie mengine. Akikuambia 140, usimuuzie hata moja mwezi huo, na zile siku 60 za bonasi mwongezee hadi 90.