Zamu Haikomi Saa Sita Usiku, Lakini Sikukuu Imeshaanza

Kuna jibu moja la maafisa wa mishahara linaloniudhi kuliko yote: "Zamu yako ilianza tarehe 8, na tarehe 8 haikuwa sikukuu." Askari wa lindo amekesha hadi asubuhi ya Siku ya Uhuru wa Uganda, kisha anaambiwa Uhuru wenyewe haukumfikia getini.

Tuhesabu pole pole. Aliingia saa kumi na mbili jioni tarehe 8 Oktoba, akatoka saa kumi na mbili asubuhi tarehe 9. Saa nane zake za kawaida ziliisha saa nane usiku. Hizo nne zilizobaki ndizo za ziada, na zote ziko ndani ya sikukuu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haina utata hapa: saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa angalau mara moja na nusu, na siku ya sikukuu iliyotangazwa rasmi hulipwa angalau mara mbili.

Akiwa na mshahara wa shilingi 624,000 kwa siku 26 za saa nane, saa moja ni 3,000. Alilipwa saa nne kwa moja na nusu, yaani 18,000. Alistahili 24,000. Pengo ni 6,000, na mhasibu atacheka kwamba ni hela ya rolex na soda. Basi ailipe, kama ni ndogo hivyo! Na angalia kigawanyo pia: wapo wanaogawanya kwa siku 30, saa inashuka hadi 2,600, na kosa la pili linajificha nyuma ya la kwanza.

Nakubali, shingo upande, kwamba mara nyingi si wizi. Programu ya mishahara inasoma tarehe ya kuingia tu, na hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana barua isianze na "mmenidhulumu". Iandike tarehe, saa ya kuingia na kutoka, saa nane zilipoisha, kiwango kilicholipwa, kiwango kinachotakiwa, na tofauti. Ambatisha nakala ya hati ya mshahara na picha ya ukurasa wa daftari la lindo, ule wenye sahihi ya msimamizi. Piga picha hiyo asubuhi ileile, kwa sababu daftari likijaa hubebwa na halionekani tena. Mpokeaji asaini nakala yako na kuweka tarehe.

Zile saa mbili kati ya saa sita na saa nane usiku usizichanganye humo. Ni kazi ya kawaida ndani ya sikukuu, na hoja yake ni nyingine: malipo maradufu au siku ya mapumziko badala yake. Ukizitia kwenye hesabu moja, watabishania hizo mbili na kuzika zile nne.

Wakikaa kimya, nakala iliyosainiwa ndiyo ya kumpelekea afisa wa kazi wa wilaya. Na kabla ya kwenda, pitia usiku wa kuamkia sikukuu za 3 Juni na 9 Juni. Programu iliyokosea Oktoba ilikuwa ileile.