Kushoto na kulia zimedharauliwa bure

"Kwa nini tuhangaike na jumla ya kushoto na ya kulia, ilhali ya katikati ndiyo inayokaribia zaidi?"

Swali hilo linahusu kukadiria jumla kwa mistatili, ambapo kimo cha kila mstatili huchukuliwa mwanzoni mwa kipindi chake, mwishoni au katikati. Ukiwa na fomula, sawa. Kwenye jedwali la vipimo mambo hubadilika, kwa sababu namba za katikati huzipati kwa kutaka. Tuseme chemchemi inapungua baada ya mvua, na mtu anaipima kwa ndoo ya lita 20 na saa kila baada ya siku mbili. Siku ya 0 ndoo inajaa kwa sekunde 14 hivi, yaani mita za ujazo 120 kwa siku. Siku ya 2 anapata 96, ya 4 anapata 78, ya 6 anapata 66, na ya 8 anapata 60. Ni maji kiasi gani yaliyotoka kwa siku nane?

Kushoto, kila mstatili huchukua kimo cha mwanzo wa kipindi chake: 2 × (120 + 96 + 78 + 66) = 720. Kulia huchukua cha mwisho: 2 × (96 + 78 + 66 + 60) = 600. Kwa kuwa maji yalikuwa yakipungua tu, jibu la kweli limo kati ya 600 na 720. Hakuna kukisia hapo. Pengo la 120 nalo lina asili yake: mistatili yote ya ndani inafutana, ikabaki upana mara tofauti ya kipimo cha kwanza na cha mwisho, 2 × (120 − 60). Kwa hiyo, hata kabla ya kwenda kupima, unajua kwamba kupima kila siku kutalishusha pengo hadi 60. Jumla ya katikati haikupi ahadi ya namna hiyo.

Ili kuipata hapa, lazima vipindi viwe vya siku nne, na vimo viwe vya siku ya 2 na ya 6: 4 × (96 + 66) = 648. Ni makadirio mazuri, nakubali. Lakini nusu ya kazi ya mpimaji imetupwa. Wengi hukwepa hasara hiyo kwa kutafuta wastani wa 120 na 96, kisha 108 wakaiita kipimo cha siku ya 1. Siku hiyo hakuna aliyepima. Wanachopata ni 660, wastani wa kushoto na kulia, yaani kanuni ya trapeza iliyopewa jina lisilo lake.

Na kama kipimo cha siku ya 4 kingechukuliwa siku ya 5, kushoto na kulia zingeendelea kufanya kazi, kila mstatili na upana wake. Katikati ingekwama, kwa kuwa siku ya 2 si katikati ya 0 na 5.

Udhaifu wa mipaka hii ni mmoja, nao ni mkubwa: mvua ikinyesha siku ya 3 na maji yakapanda kisha yakashuka kabla ya kipimo kinachofuata, jedwali halitaonyesha, na 720 haitakuwa tena dari.