Kampuni ina mwenyewe, kanisa halina: tofauti inayoanzia kwenye usajili

Tuseme watu 12 wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, wamekuwa wakisali pamoja kwenye turubai. Sasa wanataka kuwa kanisa. Wamechanga fedha za kiwanja, wanafikiria kulea watoto yatima, na mmoja wao ana mashine ya kusaga mahindi anayotaka kuitoa ili faida yake iendeshe kazi. Mtu wa kwanza wanayemuuliza anawaambia wafungue kampuni, kwa sababu ni haraka. Anasema kweli kuhusu haraka. Kuhusu mengine ushauri huo unawapeleka pabaya, na ndiyo maana nimechagua mfano wao. Ninazungumzia Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake.

Kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni kazi inayofanyika kwenye mtandao. Unahitaji namba ya NIDA ya kila mkurugenzi na kila mwanahisa, namba ya mlipakodi, anwani ya ofisi, katiba ya kampuni, na mgawanyo wa hisa. Watu wawili wanatosha. Msajili haangalii kama wazo lenu ni jema au kama mna sifa nzuri mtaani. Anaangalia kama jina halijachukuliwa, kama nyaraka zimekamilika na ada imelipwa. Zikiwa sawa, cheti kinatoka, na kampuni inaishi mpaka ifungwe au ifutwe. Kila mwaka inapeleka ritani yake, na tangu 2020 inatakiwa kumtaja pia mmiliki manufaa, yaani mtu anayefaidika kweli nyuma ya majina yaliyoandikwa.

Swali ambalo fomu hiyo inauliza kwa kila namna ni moja: nani anamiliki nini? Kundi la Chanika haliwezi kulijibu bila kusema uongo. Wakiandika mchungaji hisa 60 na mzee wa kanisa hisa 40, sheria itawaamini. Kiwanja kilichonunuliwa kwa sadaka kitakuwa cha kampuni, na kampuni itakuwa ya watu wawili. Mchungaji akifariki, hisa zake zinaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na gari lake. Waumini waliochanga hawamo popote kwenye karatasi.

Njia yao halali ni nyingine, na ni ndefu. Shughuli ya kueneza dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1954. Inataka watu wasiopungua kumi, ndiyo maana hao 12 wanapita. Inataka katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi, taarifa binafsi na picha za viongozi, na barua za utambulisho kutoka serikalini. Hapa hakuna anayeulizwa hisa. Wanaulizwa mnaamini nini, viongozi wanapatikanaje, wanaondolewaje, fedha zinatunzwaje, na mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjika. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha taasisi na kampuni kuliko jambo lingine lolote. Kampuni ikifungwa na madeni yakalipwa, kinachobaki wanagawana wanahisa. Jumuiya ikivunjika, katiba inayofaa hupeleka kilichobaki kwa taasisi nyingine yenye lengo kama hilo.

Nimesema katiba inayofaa kwa makusudi. Katiba nyingi za jumuiya zimenakiliwa kutoka kwa jumuiya nyingine, na ibara ya kuvunjika ama haipo ama inasema mali "itaamuliwa na viongozi". Ukiona maneno hayo, ujue mgogoro umeshaandikwa. Unasubiri siku yake.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka. Cheti cha Msajili wa Jumuiya kinaipa jumuiya ruhusa ya kuwepo, lakini hakiipi nafsi ya kisheria ya kushika ardhi au kushtaki kwa jina lake. Kwa hilo lazima waende RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, wakasajili Bodi ya Wadhamini chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Baada ya hapo kiwanja kinaandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya kanisa hilo. Wadhamini wanaweza kufa au kubadilishwa, bodi inabaki. Kampuni hupata hayo yote siku ile ile inapopata cheti.

Kanisa lisilofika RITA hutambulika kirahisi: omba kuona hati ya kiwanja. Ukikuta jina la mchungaji, au la mzee mmoja "kwa niaba ya waumini", basi mali ya watu mia tatu imening'inia kwenye uhai na uaminifu wa mtu mmoja. Mkikosana naye na kwenda mahakamani kwa jina la kanisa, upande wa pili unaweza kuweka pingamizi kwamba kanisa hilo halina uwezo wa kushtaki, na kesi ikafa kabla ushahidi haujasikilizwa.

Na wale yatima? Kazi hiyo ni ya ofisi ya tatu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya 2002, haihusu taasisi za kidini, lakini kundi likitaka chombo cha huduma kinachosimama peke yake na kuomba ruzuku kwa wafadhili, linasajili shirika kwa Msajili wa Mashirika hayo, chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Shirika hilo linapata nafsi ya kisheria kwa cheti chake lenyewe, bila kupitia RITA.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Sheria ya Makampuni ya 2002 inaruhusu kampuni yenye ukomo wa dhamana: haina hisa, haina gawio, na wanachama wake huahidi tu kiasi fulani kidogo iwapo itafilisika. Mashirika mengi ya utetezi na utafiti yalijisajili hivyo. Walipata wepesi wa BRELA bila kubeba wanahisa. Kisha likaja badiliko la sheria la 2019, lililopitishwa bungeni kwa hati ya dharura. Kampuni za namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali zilipewa miezi miwili, kuanzia Julai 1, 2019, kuhamia kwa msajili wa mashirika. Hapo ndipo mjadala halisi ulipo.

Waliotetea hatua hiyo wana hoja nzito, na sioni kama wapinzani wao waliijibu vya kutosha. Kwenye kampuni, anayeibiwa ana jina. Mwanahisa akiona mkurugenzi anakula fedha, atapiga kelele kwa sababu ni fedha zake. Kwenye shirika au kanisa, aliyetoa fedha ameshazitoa. Mtoa sadaka hana haki ya kukagua vitabu, na yatima aliyekusudiwa hajui hata bajeti iliandikwaje. Lazima awepo wa kuuliza kwa niaba yao. Ofisi inayosajili biashara haikuundwa kuuliza kama fedha za dawa zilinunua dawa. Kuna pia suala la utakatishaji fedha, na hili halikuwa la kubuni: Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya kimataifa ya nchi zenye udhaifu katika eneo hilo Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025.

Upande wa pili una hoja ninayoiona nzito zaidi. Tofauti ya usajili haikuishia kwenye uwazi wa fedha. Iligusa uhai wenyewe wa taasisi. Cheti cha kampuni hakina tarehe ya mwisho. Cha shirika, tangu 2019, kinadumu miaka kumi, na maombi ya kukihuisha hupelekwa miezi sita kabla. Ukitaka uwazi, dai hesabu zilizokaguliwa kila mwaka na umtoze faini asiyezileta. Ukomo wa cheti hauongezi uwazi wowote. Kinachoongezeka ni hofu, kwa sababu taasisi inayojua itarudi kwa msajili hupima maneno yake mapema.

Madaraka ya msajili wa jumuiya nayo ni mapana. Juni 2025 alifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, akisema limekwenda kinyume cha Sheria ya Jumuiya kwa mahubiri yenye sura ya siasa. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuukataa. Linganisha tu na upande wa biashara: mkurugenzi wa kampuni ya saruji akiikosoa serikali kwenye mkutano, hatutegemei BRELA ifute kampuni yake kwa hotuba hiyo. Waumini wa Gwajima walijikuta hawana mahali pa kusali kwa maneno ya mtu mmoja.

Kwa hiyo nakubali milango itenganishwe. Sikubali kwamba mlango wa wasiogawana faida uwe ndio wenye kufuli jepesi kufungwa kutoka nje.

Inabaki ile mashine ya Chanika. Wengi hudhani kanisa au shirika halilipi kodi. Cheti cha usajili, kiwe cha msajili yeyote, hakitoi msamaha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka taasisi iombe TRA itambuliwe kuwa ya hisani, na hata ikitambuliwa, mapato ya biashara yake yanahesabiwa kwa utaratibu wake, ambapo sehemu inayotumika kwa kazi za hisani ndiyo hupunguzwa kabla ya kodi. Mishahara ya wafanyakazi hukatwa kodi kama kwingine kote. Wakisaga unga chini ya jina la kanisa bila vitabu tofauti, afisa wa kodi atakuwa na haki ya kuuliza sadaka inaishia wapi na mauzo yanaanzia wapi.

Hapa ndipo kampuni inapopata kazi yake halali. Wakishakuwa na Bodi ya Wadhamini, bodi hiyo ni nafsi ya kisheria na inaweza kumiliki hisa. Mashine iingie kwenye kampuni ndogo yenye leseni ya biashara na hesabu zake, hisa zishikwe na bodi, kodi ya asilimia 30 ilipwe kwenye faida, na gawio liende kanisani. Mmiliki wa mashine asiitoe kwa mdomo. Aandike hati ya kuihamisha, la sivyo warithi wake wataidai.

Mpangilio ni huu: jumuiya kwanza, RITA pili, kiwanja tatu, kampuni mwisho. Kundi likilazimika kununua kiwanja kabla ya RITA kwa sababu muuzaji hasubiri, mkataba wa mauziano uwataje wanunuzi kadhaa na useme wazi kwamba wananunua kwa ajili ya jumuiya, huku muhtasari wa kikao na risiti za michango vikihifadhiwa pamoja nao. Na wakifungua pia shirika la yatima, tarehe ya cheti iandikwe kwenye daftari la katibu. Vyeti vilivyotolewa katika ule msongamano wa nusu ya pili ya 2019 vinaisha muda wake 2029, na maombi ya kuvihuisha yataanza kudaiwa mapema mwaka huo huo.