Miji ya mashambani inapangwa na safari ya mkulima

Kuna kitu kinanisumbua kila nikiona watu wanaijadili nadharia ya Walter Christaller, yule mwanajiografia Mjerumani aliyetoa kitabu mwaka 1933 kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani, akieleza kwa nini miji midogo na mikubwa inaachana kwa umbali wenye utaratibu. Watu wakishaona ule mchoro wa pembesita zilizoshikana kama sega la nyuki wanaishia hapo hapo, huyu anaupenda kwa sababu umenyooka, yule anafungua ramani anazitafuta hizo pembesita, hazioni, basi anasema jamaa alikuwa anaota. Mi naona wote wawili wameshika kitu kisicho chenyewe. Pembesita ni matokeo tu, kinachopanga miji ni safari, yaani mtu wa shamba la mbali kabisa anakubali kwenda umbali gani kufuata kitu fulani, na mwenye kukiuza anahitaji wateja wangapi asifunge.

Tufanye hesabu, manake bila hesabu hii nadharia inabaki picha. Chukua tambarare ya mashamba, hamna mlima hamna mto, na kila kilomita ya mraba ina kaya 20. Mtu anataka kufungua duka la vitu vya kila siku na duka hilo ili lisimame linahitaji kaya 400, hizi namba nimezichagua mwenyewe ili zigawanyike vizuri. Kaya 400 kwa kaya 20 ni kilomita za mraba 20, hilo ndo eneo lake, na mwenzake akifungua karibu kuliko hapo wote wawili watakula hasara mpaka mmoja aondoke. Sasa eneo hilo lina umbo gani? Kila duka linavuta watu wa pande zote sawa, kwa hiyo unategemea duara, ila maduara ukiyapanga yakagusana yanaacha vipande katikati visivyo na duka, na ukiyasogeza vipande vizibwe yanapandana. Pale yanapopandana mkulima anaenda kwenye duka la karibu yake, mpaka unakatwa katikati kwa mstari ulionyooka, na duara lililokatwa na majirani sita linabaki pembesita. Christaller hakuichora kwa sababu ni nzuri. Ukitumia mraba wenye eneo lile lile, mtu wa kwenye kona anatembea kilomita 3.2, kwenye pembesita anatembea 2.8 tu, na duka na duka yanakuwa kilomita 4.8.

Haya, sasa weka biashara nzito zaidi, tuseme fundi wa mashine za shamba, yeye kaya 400 hazimtoshi, anataka 1,200. Hawezi kukaa kila penye duka, na hana sababu ya kwenda kukaa porini peke yake wakati watu tayari wanakuja dukani, kwa hiyo atakaa kwenye baadhi ya sehemu zile zile zenye maduka. Eneo lake ni mara tatu, kilomita za mraba 60, na umbali mpaka kwa fundi mwenzake ni kilomita 8.3. Gawa 8.3 kwa 4.8 utapata 1.73, ambayo ni kipeuo cha pili cha 3. Hapo ndo pananifurahisha mpaka leo, kwa sababu ukiangalia mchoro kila kijiji kidogo kimekaa kwenye kona ambapo miji mitatu mikubwa iko mbali naye sawasawa, kwa hiyo watu wake wanagawanyika theluthi theluthi, na mji mkubwa unachukua theluthi ya vijiji sita vinavyouzunguka, hiyo ni 2, ongeza na watu wake wenyewe, 3. Mji mkubwa una kila kilichopo kijijini na vya ziada. Na ukienda ngazi ya juu unazidisha tena kwa 1.73, na tena, ndo maana miji ikiwa mikubwa inakuwa michache na inaachana mbali.

Christaller mwenyewe alianzia chini kabisa, kwa mtu anayetembea kwa miguu saa moja, kama kilomita 4. Kona ya pembesita ikiwa kilomita 4 kutoka katikati, vituo vya huduma vinaachana karibu kilomita 7. Zidisha kwa 1.73 unapata 12, halafu 21, halafu 36, na kuendelea mpaka miji mikuu ya majimbo inayoachana kama kilomita 186. Soma vizuri hapo, ngazi yote ile mpaka juu imesimama juu ya miguu ya mtu mmoja na saa yake moja.

(Na ukubwa kwake haukuwa idadi ya watu. Mji wa mgodi unaweza kuwa na watu wengi na usihudumie mtu yeyote wa nje. Kwa hiyo alihesabu simu, akachukua simu zilizopo mjini akatoa simu ambazo mji wa watu wengi namna hiyo ungetegemewa kuwa nazo kwa wastani wa mkoa, zinazobaki ndo za wafanyabiashara wanaohudumia watu wa mashambani. Kwa miaka ile, wakati simu ilikuwa kitu cha duka na ofisi, kilikuwa kipimo kizuri sana.)

Wanaopinga wana hoja na siwezi kuikwepa. Kuna kipimo kinachochukua umbali wa kila mji mpaka jirani yake wa karibu, kinalinganisha na umbali ambao ungetokea miji ikitupwa ovyo. Ovyo kabisa ni 1, pembesita kamili ni 2.15, iliyorundikana inashuka kuelekea 0. Mwanajiografia Leslie King aliwahi kukitumia kwenye maeneo mbalimbali ya Marekani, akachapisha mwaka 1962, na hamna eneo lililokaribia 2.15, hata tambarare za kilimo zilizidi 1 kidogo tu. Lakini hebu rudi kwenye hesabu yetu, punguza kaya kutoka 20 mpaka 10 kwa kilomita kwa sababu udongo ni mbaya au mvua ni chache, duka lile lile sasa linataka kilomita za mraba 40 na umbali unaruka kutoka 4.8 mpaka 6.8. Kwa hiyo nchi yenye udongo mzuri huku na mbaya kule inatakiwa ikupe nafasi tofauti tofauti, na ukizichanganya kwenye wastani mmoja mpangilio unaonekana kama haupo. Ongeza reli, ambayo inavuta miji ikae mstarini. Mi nasema kipimo kile kinauliza kama pembesita ipo, wakati swali la maana ni kama nafasi kati ya miji inabadilika pale safari au idadi ya watu inapobadilika.

Na hilo swali lina sehemu ya kulijaribia, Uholanzi. Baada ya kuiziba ghuba ya Zuiderzee kwa tuta kubwa mwaka 1932 waliendelea kukausha vipande vya chini ya maji na kuvifanya mashamba, tambarare tupu, hamna historia, hamna mji wa zamani isipokuwa kisiwa cha wavuvi cha Urk kilichomezwa na nchi kavu pembeni. Noordoostpolder ilikauka mwaka 1942, eneo lake kama kilomita za mraba 480. Wapangaji wakaweka mji mmoja katikati, Emmeloord, na vijiji kumi vikauzunguka kama pete, kwa mawazo kwamba mfanyakazi wa shamba asiwe mbali na kijiji chake kwa baiskeli. Mi nilikaa nikagawa, 480 kwa vituo 11 ni kama 44, na ukitafuta umbali wa kati ya vituo kwenye pembesita ya eneo hilo unapata kilomita 7.1. Ni ile ngazi ya chini kabisa ya Christaller, saba. Kona yake ni kilomita 4.1.

Tatizo ni kwamba wakati vijiji vinajengwa ile safari ilikuwa inabadilika. Trekta na mashine zikapunguza vibarua mashambani, kwa hiyo kaya kwa kila kilomita zikawa chache kuliko mpango, hapo hapo pikipiki na magari yakaingia na mtu akaona kama tayari amewasha injini kwa nini asimame kijijini kwenye duka moja wakati Emmeloord ina yote. Kijiji kinapigwa pande zote mbili, wateja wamepungua na waliobaki wanapita. Emmeloord imepita watu 25,000, vijiji kadhaa kati ya vile kumi havijafika hata 2,000.

Sasa angalia walichofanya kwenye kipande kilichofuata, Flevoland Mashariki, kilichokauka mwaka 1957. Kama kilomita za mraba 540, kubwa kuliko kile cha kwanza, na vijiji vingi vilivyokuwa kwenye michoro ya mwanzo vikafutwa. Vikabaki Dronten, Biddinghuizen na Swifterbant, pamoja na Lelystad pembeni. Gawa 540 kwa vinne, 135 kila kimoja, umbali unatoka kilomita 12.5. Nilivyoipata hiyo namba niliirudia mara mbili. Kutoka 7.1 mpaka 12.5 ni karibu kabisa na ile 1.73, yaani wameiruka ngazi nzima ya chini, wakaanzia ya pili. Ni wastani tu na Lelystad haikai kwenye kona yoyote ya pembesita, sawa, na siwezi kusema walikaa na jedwali la Christaller mezani. Lakini nchi ile ile, udongo wa aina ile ile, miaka 15 imepita, kilichobadilika ni namna ya kusafiri na idadi ya mikono shambani, na ramani ikapanuka kwa kiasi ambacho nadharia inasema itapanuka.

Ndo maana naona ni makosa kuweka vijiji vipya kwa kuangalia ramani ya vya zamani kana kwamba ule umbali wao una thamani yenyewe. Kilomita 7 ilikuwa jibu la miguu. Anayepanga aanze kwa kuuliza huduma gani, inahitaji kaya ngapi, na mtu wa kona atakuja na nini.

Huyo wa kona ndo namfikiria zaidi. Kwenye mpango wa 7.1 alikuwa na kilomita 4 na baiskeli, kama robo saa. Kwenye mpango wa 12.5 ana kilomita 7, kwa gari ni dakika chache tu, amefaidika. Ila yule mzee wa shamba lile lile ambaye haendeshi tena, au mtoto wa miaka 12, kilomita 7 hizo kwake ni karibu nusu saa ya kukanyaga pedeli kwenye upepo wa tambarare, na kile kijiji ambacho kingekuwa katikati ya njia hakikujengwa.