Eleza ilivyo au eleza kwa nini: vitenzi vya muhtasari vinapovuka lugha

"Kwa nini msitengeneze orodha moja ya vitenzi, kila kitenzi cha Kiingereza na chake cha Kiswahili, mkaifuata toka mwanzo wa muhtasari hadi mwisho?"

Wanaowauliza hivyo wafasiri wa mihtasari ya masomo ya shule wana hoja nzito. Muhtasari hautafsiriwi na mtu mmoja: Sayansi inakwenda kwa huyu, Maarifa ya Jamii kwa yule, na kila mmoja ana mazoea yake. Mtunga mtihani anapoandaa jedwali la kutahini hutazama vitenzi ili ajue maswali mangapi yapime kukumbuka, mangapi kutumia maarifa, mangapi kuchambua. Mfasiri mmoja akiandika "bainisha" pale mwenzake alipoandika "taja", hesabu inavurugika. Na Tanzania, ambako shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, huku mtihani wa darasa la saba ukitolewa kwa lugha zote mbili, mtoto wa huku na wa kule wanatakiwa wapimwe kitu kilekile. Orodha inaonekana ndiyo kinga.

Kwa sehemu fulani ni kinga kweli. Taja, orodhesha, chora, pima, kokotoa: hivi vifungwe, na mfasiri asiviguse. Kitendo kinaonekana kwa macho, jibu linajulikana, na Kiswahili kina neno moja ambalo kila mwalimu analisoma vilevile.

Taabu inaanza kwenye "eleza". Kiingereza cha mitaala kina vitenzi viwili hapa: kimoja humtaka mwanafunzi aseme kitu kilivyo, kingine humtaka atoe sababu ya kuwa hivyo. Cha pili kinahitaji fikra zaidi, kwa sababu mwanafunzi lazima aunganishe chanzo na tokeo. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku vyote viwili vinaangukia "eleza". Wapo wanaojaribu kuvitenga kwa kuandika "eleza" kwa sababu na "elezea" kwa hali ilivyo. Kwenye orodha inapendeza. Darasani haina kazi, maana "elezea" ni kauli ya kutendea, kumwelezea mtu jambo, na wengi wetu tunayabadilishana maneno hayo mawili bila kufikiri. Hakuna mtoto wa darasa la tano atakayesoma herufi moja iliyoongezeka akajua kwamba ameombwa fikra za ngazi nyingine.

Tuchukue mfano wa mche wa maharage uliokuzwa ndani ya kabati lenye giza kwa wiki moja. Kusudio la kujifunza kwenye nakala ya asili ya Kiingereza linataka mwanafunzi atoe sababu za mabadiliko. Mfasiri anafuata orodha, anaandika: "Kueleza mabadiliko ya mmea uliokosa mwanga." Swali linatungwa kwa maneno hayohayo, alama 4. Mwanafunzi anajibu kwamba shina limekuwa refu na jembamba, majani ni madogo, rangi imekuwa ya njano. Yote ni kweli na ameyaona kwa macho yake. Lakini mwongozo wa usahihishaji, ulioandaliwa kutoka kwenye nakala ya Kiingereza, unatafuta kwamba klorofili haikutengenezwa kwa kukosa mwanga, kwamba mmea haukuweza kujitengenezea chakula, na kwamba ulitumia akiba iliyokuwa ndani ya mbegu kurefuka ukitafuta mwanga. Mtoto anaambulia patupu, na mwalimu anaandika "hajaelewa".

Hilo angalau linaonekana, mzazi atauliza. Linalonisumbua zaidi ni lile lisiloonekana. Mwalimu anasoma "kueleza mabadiliko", anafundisha mabadiliko, anatunga swali la mabadiliko, anasahihisha mabadiliko. Darasa zima linafaulu. Hakuna anayelalamika, hakuna alama iliyopotea, na rekodi inaonyesha umahiri umefikiwa. Lakini watoto hawakuwahi kuulizwa kwa nini mmea umekuwa wa njano. Ngazi ya fikra imeshuka kati ya lugha na lugha bila mtu yeyote kukosea kazi yake. Mwaka unaofuata mada ya chakula cha mimea inajengwa juu ya sababu ambazo hawakuzipata, na lawama inaenda kwa mwalimu mpya. Haya yakitokea muhtasari mzima, matokeo ya shule mbili yanaweza kufanana kwa takwimu huku vilivyopimwa ni vitu viwili tofauti.

Dawa ipo ndani ya Kiswahili chenyewe, ila haikai kwenye kitenzi. Inakaa kwenye kishazi kinachokifuata. "Kueleza mmea unavyobadilika ukikosa mwanga" na "kueleza kwa nini mmea hubadilika ukikosa mwanga" zina kitenzi kimoja, na hakuna mwalimu atakayezichanganya. Kwa hiyo mfasiri anayekataa kufuata orodha kipofukipofu asionekane mzembe. Anatafsiri kusudio zima, yaani kitendo, kinachotendewa na ushahidi utakaokubalika. Hata ngazi za fikra za Bloom zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2001, kitendo cha akili kilipangwa kwenye jedwali pamoja na aina ya maarifa; kitenzi hakikuachwa kisimame peke yake.

"Changanua" inathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Kwenye orodha nyingi inasimama ngazi ya juu, ya kugawa kitu na kuona sehemu zake zinavyohusiana. Lakini kwa mwalimu wa Kiswahili, kuchanganua sentensi ni utaratibu uliokaririwa: jedwali, matawi, kundi nomino, kundi tenzi. Mwanafunzi aliyefanya sentensi thelathini za aina moja anatumia kanuni tu. Mfasiri wa Jiografia akiliokota neno hilo kwa sababu liko kwenye orodha, hajui limebeba mazoea gani kwa wanaolisoma.

Mtu atasema tafsiri rejeshi itanasa makosa haya. Kwa vitenzi, hunasa machache. Anayerudisha "eleza" kwenye Kiingereza kwa kawaida anaijua lugha ya mitaala, hivyo huchagua kitenzi kinachoingia vizuri kwenye sentensi, na nakala inaonekana safi. Kipimo kizuri zaidi ni kumpa mwalimu wa somo, ambaye hajaiona nakala ya asili, kusudio la Kiswahili peke yake, kisha umwombe atunge swali moja na mwongozo wake wa usahihishaji. Mwongozo huo uulinganishe na kigezo cha upimaji cha asili. Kama alama zake zote zinatolewa kwa kusema ya kuonekana wakati asili inataka sababu, tafsiri imeshusha ngazi, hata kama kila neno lina baba yake kwenye kamusi.

Ile hofu ya jedwali la kutahini bado inahitaji jibu. Ngazi iandikwe pembeni ya kila kusudio kwenye nakala ya kazi, na mtunga mtihani ahesabu ngazi badala ya kuhesabu vitenzi. Hapo mfasiri anaweza kuchagua maneno bila kumharibia mtu hesabu.

Kuna mahali ambapo mimi na wenye orodha tunakubaliana kabisa. Asili ikisema "chambua sehemu za ua" huku kigezo cha upimaji kikitaka mwanafunzi ataje petali, sepali, stameni na pistili, kosa limeanzia juu. Mfasiri asipandishe, asishushe, wala asirekebishe kimyakimya. Aandike swali kwa waandaaji, aambatanishe kusudio na kigezo chake, aulize kipi kinatawala. Wakijibu kwamba walitaka kutaja tu, kitenzi kibadilike kwenye nakala zote mbili, ya Kiingereza ikitangulia.