Shangazi, hilo bati usilipake siagi

Shangazi yangu alikuja kunitembelea Tabata Jumamosi moja, akanikuta jikoni namimina mchanganyiko wa keki kwenye bati kavu kabisa, halijapakwa siagi wala kunyunyizwa unga. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, macho yakiwa kwenye bati.

"Mwanangu, hujapaka mafuta. Hiyo utaila pamoja na bati lake?"

Simlaumu. Dar nzima tumefundishwa hivyo: kabla hujapasua yai la kwanza, bati liwe limeshapakwa. Kwa keki zetu za siagi ni sawa. Ila kwa keki ya shifoni niliyokuwa naimimina, ile nyepesi inayoumuliwa na povu la ute wa yai, na kwa ndugu yake keki ya malaika ambayo haina kiini wala tone la mafuta, mazoea hayo ndiyo yanayoiua. Nasikia watu wengi mjini wakisema shifoni imewashinda, kisha wanalaumu oveni, mayai ya kisasa, au wanaongeza baking pauda. Mimi naona wauaji ni wawili tu: siagi kwenye bati, na ute uliochapwa bila kitu kichachu.

Shifoni yenyewe si keki ya zamani sana. Aliyeibuni ni Harry Baker, muuza bima wa Los Angeles, mwaka 1927. Aliificha siri yake karibu miaka 20, mpaka alipoiuza kwa kampuni ya unga ya General Mills, nayo ikaitangaza mwaka 1948. Siri ilikuwa mafuta ya kawaida ya kupikia mahali pa siagi. Mafuta hayagandi, kwa hiyo keki inabaki laini hata ikitoka kwenye friji. Ukiishika inalegea kama mtandio wa kitambaa kinachoitwa kwa jina hilohilo.

Lakini mafuta hayainui keki. Kinachoinua ni povu la ute. Ukichapa ute, protini zake zilizojikunja kama vifundo vya uzi zinafunguka, zinashikana, na kuzungusha ukuta mwembamba kwenye kila kipovu cha hewa. Kwenye oveni hewa ile inatanuka, maji yaliyomo yanakuwa mvuke, na vipovu vinavimba. Keki ya malaika haina kingine cha kuinyanyua. Shifoni nyingi za Kimarekani huwekwa baking pauda kidogo, ila mimi siweki, na sijaona pengo lake.

Ubaya ni kwamba protini hizo hazijui kuacha kushikana. Ukizidisha kuchapa zinakazana mpaka zinakamua maji, kama nguo inavyosongolewa baada ya kufuliwa. Utalijua povu lililofika huko: limepoteza mng'ao, linakatika mabonge kama pamba, na chini ya bakuli kuna maji. Hapo halirudi. Ukilichanganya na unga unalivunja ukitafuta kulainisha mabonge, na keki inatoka fupi, yenye matundu makubwa.

Hapa ndipo uchachu unapofanya kazi. Asidi inachelewesha vile vifungo vya mwisho, vile vikali, visifungwe haraka. Povu linachukua muda zaidi kidogo kufika, lakini likifika linatulia, na wewe unapata nafasi ya kukosea sekunde chache bila kuharibu kila kitu. Tena ute wa yai si kitu kisicho na upande. Yai linavyokaa linapoteza hewa ya kaboni kupitia ganda, na ute unazidi kuwa wa kibesi, yaani kinyume cha asidi, unafika pH 9 na kupita. Fikiria trei lililokaa siku kadhaa kwenye kaunta ya duka, kwenye joto letu. Ute wake ni mwepesi, unaumuka haraka, na unaanguka haraka vilevile. Ule ndio unaohitaji asidi kuliko wote.

Mapishi ya wazungu yanataka krimu ya tata, ile poda nyeupe yenye uchachu inayotokana na mapipa ya mvinyo wa zabibu. Kipimo chake ni kama moja ya nane ya kijiko cha chai kwa ute wa yai moja. Ukiipata, nunua, inakaa miaka. Lakini sikubaliani na anayesema huwezi kupika shifoni bila hiyo. Nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwa kila ute inafanya kazi ileile, na ndimu haikosekani nyumbani kwetu. Kwa ute wa mayai sita ni vijiko vya chai vitatu, yaani kijiko kikubwa kimoja. Ladha yake inafunikwa na iliki. Kwenye keki ya malaika asidi ina faida ya ziada: unga wa ngano una rangi ambazo zikikutana na ute wa kibesi zinageuka njano, na zikikutana na asidi zinabaki nyeupe. Ile keki haikupewa jina la malaika kwa kuwa na rangi ya chapati.

Sasa nirudi kwa shangazi na bati lake, kwa sababu maneno hayakumtosha. Nilikuwa na mchanganyiko wa bati la sentimita 20: viini vitano, sukari gramu 30, mafuta ya alizeti mililita 60, tui jepesi mililita 80, iliki, na unga gramu 100 ambao vijiko viwili vikubwa vyake ni konaflawa ili uwe laini. Ute wa mayai sita niliuchapa ukiwa wa baridi, nikatia ndimu ulipoanza kutoa povu, kisha sukari gramu 80 kwa mara tatu, mpaka ncha ikasimama na kuinama kidogo tu kichwani. (Bakuli liwe la chuma au la kioo. La plastiki huficha mafuta hata ukilisugua na nusu ya ndimu, na mafuta kidogo tu, au tone la kiini, yanatosha kulizuia povu lisipande.)

Badala ya kubishana, nikaurudisha mchanganyiko kutoka kwenye bati kubwa na kuugawa kwenye sufuria mbili ndogo za alumini, za kipimo kimoja. Ya kwanza nikaiacha kavu. Ya pili shangazi akaipaka siagi mwenyewe, kwa vidole, kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake. Zote zikaingia oveni kwenye nyuzi 165, rafu moja.

Dakika 15 za mwanzo zilikwenda sambamba. Baadaye tukaanza kuona tofauti kupitia kioo. Kwenye sufuria kavu mchanganyiko ulikuwa unapanda ukutani, umejishikilia kama mjusi. Kwenye ile ya siagi, katikati palivimba lakini kingo zilikuwa zinateleza, zinarudi chini kila zinapojaribu kupanda. Na ndivyo ilivyo. Keki hii ina unga kidogo, na mpaka ute na wanga viive na kukaza haiwezi kusimama yenyewe. Ukuta wa bati ndio ngazi yake. Ukiupaka siagi, ngazi hiyo inateleza. Juu ya hapo, siagi iliyoyeyuka inagusa povu la pembeni na kulivunja.

Tulizitoa baada ya dakika 35, nyufa za juu zikiwa zimekauka na keki ikirudi juu ukiibonyeza. Kisha nikafanya jambo lililomfanya shangazi aguse kifua: nikazigeuza zote mbili kichwa chini, kila moja kingo zake zikiegemea vikombe viwili. Keki ikiwa ya moto, kuta za vipovu bado ni laini, na mvuke ulio ndani ukipoa unanywea. Ikikaa wima inajikandamiza kwa uzito wake. Ikining'inia kichwa chini, uzito uleule unaivuta na kuiweka ndefu mpaka ikaze. Lakini ili ining'inie lazima iwe imeshika bati.

Ile ya siagi haikumaliza dakika mbili. Ilidondoka juu ya meza, ikajikunja. Nilipoipima baadaye ilikuwa sentimita nne na nusu. Ile kavu ilikaa saa moja na nusu, ikapoa kabisa, na ilikuwa saba na nusu. Mayai yaleyale, povu lilelile.

"Kumbe," alisema shangazi, na hilo tu.

Tahadhari moja kwa wanaokwenda Kariakoo kununua bati lenye bomba katikati: mengi yanayong'aa vizuri madukani ni yale yasiyogandisha chakula. Kwa keki hii ni hasara, ni sawa na bati lililopakwa siagi kiwandani. Tafuta alumini tupu, hata ikionekana ya kimaskini. Bomba la katikati si pambo. Linapeleka joto ndani na kuipa keki ukuta wa pili wa kupanda, na wakati wa kugeuza unalivisha kwenye shingo ya chupa ya soda ya kioo. Sufuria isiyo na bomba inafaa kwa mayai matatu hivi. Zaidi ya hapo katikati inachelewa kuiva, na keki mbichi katikati itadondoka hata kwenye bati kavu. Kwa hiyo ikidondoka, usikimbilie kusema nimekudanganya. Uliza kwanza kama iliiva. Karatasi ya kuokea unaweza kuiweka chini, kwenye shifoni tu, ila pembeni usithubutu.

Na keki ya malaika? Naipika mara moja kwa mwaka. Inakula ute wa mayai 12 na kukuachia viini 12 vinavyokutazama. Sukari yake ni nyingi na huwezi kuipunguza sana, maana ndiyo inayolishikilia povu. Sukari hiyohiyo inavuta unyevu, kwa hiyo kipindi cha masika ngozi yake inanata vidoleni kabla ya jioni. Kwa mji huu mimi nipo upande wa shifoni.

Kuitoa kwenye bati, pitisha kisu chembamba pembeni, ukikibana kwenye ukuta wa bati, siyo kwenye keki. Itaacha ngozi nyembamba ya kahawia imeganda kwenye alumini, na hiyo ni dalili njema. Ukuta ukibaki msafi, keki haikushika. Mimi huloweka bati kwenye maji ya moto usiku kucha. Siku ile sikuloweka. Shangazi alishachukua kijiko cha chai, amekaa kwenye kigoda, anakwangua ile ngozi na kuila, na ananiuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba hapo ndipo penye utamu.