Kabla ya kuilaumu solenoidi, pima kwanza uga wa Dar

Wanafunzi wa Kidato cha Sita wanaipenda fomula ya solenoidi kuliko ya kitanzi, na sababu iko wazi: ni fupi. `B = μ0 n I`, n ikiwa mizunguko kwa mita na I mkondo, basi. Haina nusu kipenyo wala haina mbili chini. Kwa maoni yangu hapo ndipo walimu tunapokosea mpangilio. Fomula hiyo fupi ina sharti zito ndani yake, kwamba solenoidi iwe ndefu, wakati ile ya katikati ya kitanzi haina sharti la namna hiyo. Inayoaminika zaidi ndiyo ingetangulia mezani, ikapima uga wa sumaku wa hapa tulipo, kisha ikatumika kuihukumu nyingine.

Katikati ya kitanzi cha mviringo hesabu ni nyepesi mno. Kila kipande cha waya kiko umbali uleule r kutoka katikati, na kila kimoja kinasukuma uga upande uleule. Kwa hiyo unachukua `μ0 I / 4πr²`, unazidisha kwa urefu wa mzingo `2πr`, unabaki na `μ0 I / 2r`. Pai imejifuta yenyewe. Anayeandika `μ0 I / 2πr` ameandika ya waya ulionyooka, na jibu lake litapungua mara 3.14. Mizunguko ikiwa N, zidisha kwa N.

Sasa tuitengeneze. Waya wa shaba wenye vanishi, wa nusu milimita, unapatikana kwa mafundi wa kusuka mota kule Gerezani. Zungusha mizunguko 10 kwenye kitu cha plastiki au mbao chenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Ibane mizunguko pamoja, isitawanyike: mzunguko uliosogea sentimita 2 kutoka katikati unapoteza karibu asilimia 6 ya mchango wake. Kwangua vanishi kwenye ncha mpaka shaba ing'ae, maana koili nyingi zinazodaiwa "mbovu" tatizo lake ni hilo tu. Koili hii inatoa mikrotesla 62.8 katikati kwa kila ampea moja.

Simamisha koili wima, bapa lake liwe sambamba na sindano ya dira iliyolala katikati, kaskazini kwa kusini. Mkondo ukipita, uga wa koili unavuta mashariki au magharibi, uga wa dunia unavuta kaskazini, na sindano inakaa kwenye pembe ambayo tanjenti yake ni uga wa koili gawanya kwa uga mlalo wa dunia. Ongeza mkondo polepole hadi sindano ifike digrii 45. Hapo uga hizo mbili zinalingana. Geuza mkondo, soma tena ncha zote mbili za sindano, chukua wastani. Kama ammeta inasoma 0.43, basi uga mlalo wa dunia hapo ulipo ni 0.43 mara 62.8, yaani mikrotesla 27.

Namba hiyo ndiyo inayowagombanisha watu na vitabu. Vitabu vingi tunavyorithi viliandikiwa Uingereza, ambako uga mlalo ni mikrotesla 18 hadi 20. Dar unacheza karibu na 27. Mwanafunzi akichukua 18 ya kitabu, atatarajia digrii 45 kwa ampea 0.29. Atapata 34. Ataandika kwenye ripoti "makosa ya usomaji" na "ukinzani wa waya", na fomula nzima itabaki inatiliwa shaka, wakati koili yake ilikuwa sahihi kabisa na ni dunia ya kitabuni iliyokuwa ya kwingine.

Kuna jingine la huku kwetu. Ikweta ya sumaku iko kaskazini yetu, upande wa Ethiopia, kwa hiyo Dar uga wa dunia umeinama zaidi ya digrii 30 na unavuta ncha ya kusini ya sindano kwenda chini. Dira zilizosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya zimeongezewa uzito upande huohuo wa kusini. Matokeo yake sindano inaburuza tumbo kwenye sahani na kugandia. Utaijua kirahisi: gonga dira kwa kidole, sindano ikiruka digrii kadhaa, ilikuwa imekwama. Usiinamishe dira kuisaidia. Tafuta nyingine, au gonga kabla ya kila usomaji.

Angalia pia meza. Tembeza dira juu yake bila mkondo, sindano ikibadili mwelekeo kuna chuma chini au nondo kwenye zege. Na riostati unayoongezea mkondo, ambayo hakuna anayeishuku, nayo ni waya uliozungushwa kwenye bomba: ni solenoidi yenye uga wake. Iweke mbali, mita moja au zaidi, na sokota pamoja nyaya mbili zinazokwenda kwenye koili.

Ukishaijua 27 yako, geukia solenoidi. Kata chupa ya plastiki inayoonyesha, yenye kipenyo cha sentimita 6, utoe ncha zote mbili. Zungusha mizunguko 20 kwa nafasi ya milimita 5, ijaze sentimita 10. Nafasi hizo zinakuwezesha kuiona dira ndogo ukiisogeza hadi katikati. Laza solenoidi mashariki kwa magharibi. Mizunguko ni 200 kwa mita, mkondo uwe ampea 0.1. Fomula fupi inasema mikrotesla 25.1, yaani pembe ya digrii 43. Sindano itakaa karibu na 38 na nusu.

Hapa ndipo somo zima lilipo. Kwa nini nusu kipenyo haimo kwenye fomula fupi? Ukipanua kitanzi mara mbili, uga wa katikati yake unapungua nusu, lakini athari yake inafika mbali mara mbili kwenye mhimili, kwa hiyo vitanzi jirani vinavyochangia vinaongezeka mara mbili. Hasara na faida zinafutana, mradi majirani wapo. Kwenye chupa ya sentimita 10 majirani wa mbali hawapo. Fomula kamili ya katikati inaongeza kizidisho `L / √(L² + D²)`, L ikiwa urefu na D kipenyo. Kwetu ni 10 gawanya kwa 11.66, sawa na 0.857. Zidisha 25.1, unapata 21.5, na pembe yake ni digrii 38.5. Ukisogeza dira hadi mdomoni mwa chupa utapata karibu nusu ya ule wa fomula fupi, kwa sababu majirani wa upande mmoja wote wameondoka.

Kwa kipimo changu, solenoidi haistahili kuitwa ndefu mpaka urefu ufike mara 7 ya kipenyo. Hapo upungufu wa katikati unashuka hadi asilimia 1. Kwa chupa yetu hiyo ni sentimita 42. Njia rahisi zaidi ni kutumia mrija mwembamba, ila dira lazima iingie ndani yake. Na usiongeze mkondo ukidhani unaongeza usahihi. Ukipandisha hadi ampea 1, sindano inafika digrii 83 au 84 na fomula zote mbili zinaonekana sawa kwa macho. Kukosea digrii moja kwenye 45 ni kosa la asilimia 3.5 ya uga. Kwenye 80 ni asilimia 10. Baki kati ya 30 na 60.